MESEJI ILIYOMUUMIZA MZEE
Somo: Waraka kwa Filemoni, mstari wa 4 hadi 22

Leo sitahubiri juu ya mtu mwingine. Nitahubiri juu ya meseji niliyoandika mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu, nikiwa katibu wa kamati ya ujenzi wa tawi letu la upande wa Njoro. Wengi wenu mlisikia mambo yaliyotokea, lakini mlisikia nusu. Leo nawapa yote, na mzee mwenyewe amenipa ruhusa, mradi nisimtaje jina.

Mzee huyu alikuwa ametupa mahali pa kuabudu. Alisimama siku moja katikati ya ibada akasema, pale chini ya shamba langu kuna nusu eka, jengeni. Tukapiga vigelegele, tukaweka mabati na viti vya plastiki, tukaanza kazi ya Bwana. Karatasi hakuna. Baadaye tukataka kujenga kwa mawe, na fundi akatuuliza swali ambalo kila fundi mwenye akili huuliza: hii ardhi ni ya nani? Tukajua ni lazima mzee alete taito, ardhi ipimwe, kisha yeye na familia yake waende mbele ya bodi ya ardhi kupata kibali. Shamba la kilimo haligawanywi wala halihamishwi kwa mtu mwingine bila kibali hicho, na mke wa mwenye shamba ni lazima awe ameridhia.

Basi kamati ikakaa Jumapili jioni. Tukakubaliana. Nikapewa kazi ya kumwarifu mzee. Nikaandika hivi, na bado ninayo kwenye simu:

"Bwana asifiwe mzee. Kamati imeamua ulete taito ofisini kabla ya Ijumaa saa nne. Hujaleta tangu mwaka jana. Ukikosa, ujenzi utasimama na wewe ndio utakuwa umeusimamisha. Tafadhali jibu."

Wapendwa, mimi niliona nimeandika vizuri! Nimeanza na Bwana asifiwe, nimemaliza na tafadhali. Mzee akajibu neno moja: "Sawa."

Nikawaambia kamati, mzee amekubali. Ijumaa ikafika, hakuna mzee. Jumapili kiti chake kikawa kitupu. Ya pili, kitupu. Ya tatu, mke wake akaja peke yake, akakaa nyuma karibu na mlango, akatoka kabla ya baraka.

Mnaelewa? Sisi vijana, mtu akikasirika, anaandika aya tatu. Mzee wa huku kwetu akiumia, anapunguza maneno. "Sawa" yenye jina lako mbele yake au swali nyuma yake ni kukubali. "Sawa" kavu, kisha mtu haonekani, huo ni mlango umefungwa polepole ili usisikie kishindo. Ukituma ujumbe kwa mtu mzima, usisome jibu peke yake. Soma jibu pamoja na kiti.

Sasa niwaambie kilichokuwa kibaya katika ile meseji, kwa sababu kwa muda mrefu nilifikiri shida ni kwamba mzee ana hasira za bure.

Kwanza, nimesema "hujaleta". Neno hilo lina kidole ndani yake. Kiswahili chetu kinaruhusu jambo lile lile lisemwe bila kidole: "karatasi hazijatufikia." Habari ni ile ile, ofisini hakuna karatasi. Lakini katika ile ya kwanza mzee ni mkosaji, katika ya pili karatasi ndizo ziko njiani.

Pili, nimesema "kamati imeamua ulete." Yaani watu kumi na wawili, wengi wao umri wa watoto wake, wamekaa mahali ambapo yeye hakuitwa, wakaamua juu ya shamba lake. Hata ukiweka "tafadhali" mwishoni, amri haiachi kuwa amri. "Tafadhali lete" ni "lete" iliyovaa tai. Ombi ni kitu kingine kabisa: "Tunaomba utusaidie." Katika ombi, mwenye uwezo ni yule anayeombwa. Anaweza kukataa. Na mtu akipewa nafasi ya kukataa ndipo anaweza kukubali kwa heshima.

Tatu, nimemtisha. Na nne, wapendwa, hii ndiyo iliyoniuma zaidi nilipoielewa: nimezungumza juu ya ardhi kwa meseji. Katika Bonde hili la Ufa, neno ardhi halisemwi kama neno kikombe. Wengi wetu hapa tunakumbuka Januari 2008, tunakumbuka moshi na magari yaliyobeba magodoro. Mzee ni Mkalenjin, kamati yetu ni mchanganyiko wa watu wa kila kabila, kama Nakuru yenyewe ilivyo. Meseji inayosema leta taito kabla ya Ijumaa, ikisomwa kwa sauti nyumbani mbele ya wana wa mzee, inasikika namna gani? Mimi niliandika habari ya ujenzi. Wao walisikia habari nyingine.

Haya. Nilipoambiwa na mama mmoja shemasi kwamba nimemkosea mzee, nikashtuka. Nikataka kurekebisha mara moja. Nikaandika ya pili:

"Bwana asifiwe mzee wetu. Tunakusalimu sana wewe na familia yote. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yako. Mambo ya kanisa yanaendelea vyema, na yale tuliyozungumza tunazidi kuyakumbuka katika maombi. Mungu akubariki."

Akajibu: "Amina. Asanteni kwa salamu."

Mnacheka! Lakini ndivyo. Nilikuwa nimelainisha mpaka hakuna kilichobaki. Uji umeongezwa maji mpaka unaona chini ya kikombe. Sasa nina makosa mawili: la kwanza nilisema jambo bila heshima, la pili nilitoa heshima bila jambo. Na hili la pili ni kosa pia, kwa sababu fundi bado anangoja na mzee bado hajui kama tumeliacha neno au tunalificha.

Ndipo nikafungua Filemoni. Ni waraka mfupi, mistari 25 tu, unaweza kuusoma maji ya chai yakichemka. Nilikuwa nimeusoma mara nyingi kama habari ya mtumwa Onesimo. Safari hii niliusoma kama mtu aliyeshindwa kuandika meseji. Na nikaona kwamba Paulo ana ombi gumu kuliko langu. Anamwomba mwenye mali ampokee mtumwa aliyeondoka kwake, tena ampokee kama ndugu. Angalieni anavyopanga maneno.

Mstari wa 4 hadi wa 7, anashukuru. Lakini hashukuru kwa jumla kama nilivyofanya mimi. Anataja jambo lenyewe ambalo Filemoni amefanya: mioyo ya watakatifu imepata raha kwa ajili yake. Hiyo ni sifa inayohusiana na ombi linalokuja, kwa sababu anakaribia kumwomba aburudishe moyo mmoja zaidi.

Mstari wa 8 na wa 9, anasema kwamba angeweza kuamuru, lakini kwa ajili ya upendo anachagua kusihi. Tena anajitaja kuwa mzee na mfungwa. Mwenye mamlaka anashuka chini.

Mstari wa 10, jina la Onesimo linatajwa kwa mara ya kwanza, na hata hapo linakuja mwisho. Kwanza anasema mtoto wangu, kwanza anasema vifungo vyangu, halafu ndipo jina. Mtu aliyeandika kwa haraka angeanza: "Kuhusu Onesimo..." na Filemoni angekunja uso kabla ya kufika mstari wa pili.

Mstari wa 15, hasemi alitoroka. Anasema alitengwa naye kwa muda. Mnaona? Ni "karatasi hazijatufikia" ya Paulo! Hakudanganya. Onesimo kweli alikuwa ametengana na bwana wake. Lakini Paulo ameondoa kidole kwenye sentensi.

Mstari wa 14, anasema hakutaka kufanya neno lolote pasipo Filemoni kuridhia. Anamwachia mlango.

Lakini sasa sikilizeni vizuri, ninyi wenzangu wa salamu nyingi. Mstari wa 17, ombi liko wazi kabisa: mpokee kama vile ungenipokea mimi. Hakuna mtu anayefika mstari wa 17 akauliza, huyu Paulo anataka nini? Na mstari wa 18 na wa 19, habari ya pesa, Paulo anaibeba mwenyewe: deni liandikwe juu yangu, nami nimeandika kwa mkono wangu, nitalipa. Na mstari wa 22, anaomba aandaliwe chumba cha wageni. Yaani nitapita. Hakumpa Ijumaa saa nne. Alimpa kujua kwamba wataonana uso kwa uso, na hilo lina nguvu kuliko saa nne.

Na jambo la mwisho: waraka haukwenda peke yake. Ukisoma Wakolosai 4, mstari wa 7 hadi wa 9, unaona Tikiko na Onesimo wakitumwa pamoja kwenda kule. Watu waliubeba. Neno zito halitumwi, neno zito hupelekwa.

Basi nikarudi kwa yule mama shemasi. Nikamwambia, mama, nisaidie. Akaniambia, wewe huendi kuongea. Wewe utaenda kubeba sukari. Wataongea wengine.

Tukaenda watu watatu. Mzee mmoja wa kanisa ambaye ni rika la yule mzee, yule mama shemasi, na mimi. Tulichukua kilo mbili za sukari na majani ya chai, kwa sababu hauendi kwa mtu mzima mikono mitupu. Nilikuwa nimejifunza salamu yao, nikamwambia mzee "Chamgei", akaitikia, akatabasamu kidogo. Sikuongeza neno jingine la lugha yao kwa sababu sikulijua, na kuigiza lugha ya mtu siyo heshima.

Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyetaja shamba. Waliongea juu ya mvua, mahindi, ng'ombe aliyekataa kunywa. Mimi ndani naungua, nasema moyoni, tutaanza lini? Baadaye mama aliniambia, tulikuwa tumeshaanza. Tulipokaa bila haraka tulikuwa tunafuta ile Ijumaa saa nne.

Chai ikaisha. Ndipo yule rika lake akasema maneno haya. Tuliyapanga pamoja usiku uliotangulia, nami niliyaandika baadaye kwenye karatasi tukamwachia:

"Mzee, ile siku uliposimama ukatupa mahali pa kuabudu, tulikuwa tunanyeshewa. Watoto wetu leo wanasoma Neno chini ya paa kwa sababu yako. Tumekuja kwanza kuomba msamaha, kwa maana kuna maneno yaliyokufikia kutoka kwetu ambayo hayakufaa kufika kwa njia ile. Kosa ni letu. Jambo la pili, tunalo ombi. Tungependa kujenga kwa mawe, na fundi hawezi kuanza kabla ardhi kupimwa na kupata kibali cha bodi. Tunaomba wewe na watu wa nyumba yako mtusaidie katika hilo, kama mtaona inafaa. Gharama ya mpimaji na ya karatasi ni ya kanisa. Mpimaji ametuambia anaweza kuja tarehe 14. Kama siku hiyo haifai, utupangie wewe. Na kama kuna jambo ambalo hatukuliona, tuko tayari kulisikia, hata kama si leo."

Hesabuni pamoja nami. Shukrani iliyotaja tendo. Kosa limebebwa na anayeomba. Ombi liko wazi: kupima na kibali. Gharama imechukuliwa. Tarehe ipo, lakini imepewa sababu, na mzee ana uwezo wa kuihamisha. Na mwisho kabisa, mlango wa kutokea. Maneno ni mengi kuliko ya meseji yangu, kweli. Meseji ya kawaida ya simu inabeba herufi 160 tu, na mtu anayehesabu herufi huanza kukata heshima kwanza, kwa sababu heshima ndiyo inaonekana haina kazi.

Kabla ya kwenda, mama alitupa kipimo kimoja, na hiki nataka mkiandike. Aliyasoma yale maneno kwa mzee mwingine wa rika lile lile ambaye hakujua habari yoyote. Akamuuliza mambo mawili. La kwanza: hawa watu wanaomba nini, na lini? La pili: ungekuwa wewe ndiwe unaambiwa, ungesikiaje? Akishindwa kujibu la kwanza, umelainisha kupita kiasi. Akikunja uso kwa la pili, bado ni kali. Meseji yangu ya kwanza ingeanguka swali la pili, na ile ya pili ingeanguka swali la kwanza.

Mzee alijibu nini? Hakusema ndiyo. Aliangalia chini muda mrefu, akasema: "Mvua ikipungua, nitaongea na watu wangu."

Zamani ningesema, amekataa. Au ningesema, amekubali, niandikie mpimaji. Yote mawili ni makosa. Alikuwa ametupa habari kubwa kwa adabu: kuna watu wangu ambao sijaongea nao. Nilikuja kuelewa kwamba ile siku alipotoa nusu eka, alitoa kwa moyo, lakini mke wake alisikia pale pale kanisani kama sisi, na mwanawe wa kwanza anayefanya kazi mbali alisikia kwa simu. Kwa muda wote ule hakuleta taito si kwa uvivu. Hakuwa na njia ya kutuambia, "nyumbani hatujapatana", bila kujiaibisha. Meseji yangu ilimfungia mlango huo kabisa. Ungejibu nini kwa "wewe ndio utakuwa umeusimamisha"? Ni "sawa" tu iliyobaki.

Hapa ndipo faida ya kusema kwa upole, wapendwa. Upole si mapambo. Ukisema kwa ukali unapata jibu, lakini hupati sababu. Ukimwachia mtu nafasi, anakupa sababu, na sababu ndiyo uliyohitaji tangu mwanzo.

Tulingoja. Kamati ilinisukuma, tarehe 14 ikapita, mpimaji akaenda kazi nyingine. Tulimsalimu mzee kila Jumapili aliporudi, bila kuuliza. Baada ya wiki tano akatuita mwenyewe. Familia yote ilikuwa imekaa. Wakasema: nusu eka hatuwezi, kwa sababu kuna kijana anataka kujenga. Robo eka, ndiyo, na wote tutakwenda mbele ya bodi.

Wengine kwenye kamati walinung'unika. Ramani ikabidi ichorwe upya, jengo likawa dogo. Lakini mimi nasema tumepata robo eka yenye karatasi na amani, mahali pa nusu eka yenye kesi. Na mke wa mzee sasa hakai karibu na mlango.

Nimalizie na onyo, nisije nikatumwa na shetani kuwafundisha kuzunguka. Nathani alimwendea Daudi na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini, 2 Samweli 12. Alizunguka vizuri. Lakini hadithi ilipokwisha alimwambia wazi kwamba mtu huyo ni yeye. Angeishia kwenye kondoo, Daudi angekwenda zake akilaani tajiri asiyekuwepo. Na Paulo huyu huyu aliyembembeleza Filemoni, anapowaandikia Wagalatia haweki hata ile shukrani ya mwanzo, anaingia moja kwa moja, kwa sababu injili yenyewe ilikuwa inapotoshwa. Mtoto akiumizwa nyumbani, usizunguke. Mtu akikataa dawa na anazidiwa, usingoje mvua ipungue. Upole ni wa kulinda heshima ya mtu, siyo wa kulinda woga wako.

Na mtu akikukosea namna hii, kama nilivyomkosea mzee, usitume meseji ya kumjibu. Umtafutie mtu wa rika lake amwambie. Mimi niliambiwa hivyo, na yule mama, kabla ya kunionya, alinikaribisha chai kwanza.

Wiki hii, fungua simu yako. Tafuta ujumbe mmoja uliomtumia mtu anayekuzidi umri akajibu "sawa" na hujamwona tena. Usimwandikie. Nunua sukari, umtafute rika lake, mwende.

Tuombe. Bwana, weka mlinzi kinywani mwetu, na vidoleni pia. Tufundishe kusema jambo lenyewe, na kumwachia ndugu mlango. Katika jina la Yesu. Amina.